Asilimia 72 au 3.2? Njia nne za kuripoti ukuaji wa mauzo kwa menejimenti

Jedwali moja la mauzo, lisilo na kosa hata la shilingi, linaweza kukupa "ukuaji wa asilimia 72", "ukuaji wa asilimia 3.2" na "ongezeko la milioni 32". Zote tatu zimepigwa hesabu sawasawa. Shida ni kwamba anayeandaa muhtasari wa robo mwaka ana mstari mmoja tu wa kuandika ukuaji, mkurugenzi ana dakika mbili za kuusoma, na namba itakayowekwa hapo ndiyo itakayotajwa kwenye kikao cha bodi, ndiyo itakayopelekwa benki, na mara nyingi ndiyo itakayojengewa bajeti ya mwaka unaofuata.

Njia ninazolinganisha hapa ni nne, na nazijaribu zote kwenye jedwali hili hili. Ni jedwali la mfano, nimelitunga ili hesabu zifuatike: biashara ya vifaa vya ujenzi yenye matawi matano, mauzo ya Januari hadi Machi, kwa milioni za shilingi.

| Tawi | Mwaka jana | Mwaka huu | Tofauti | Badiliko |
|---|---|---|---|---|
| Kariakoo | 400 | 412 | +12 | +3% |
| Morogoro | 250 | 240 | −10 | −4% |
| Dodoma | 200 | 216 | +16 | +8% |
| Mbeya | 148 | 155 | +7 | +4.7% |
| Kibaha | 2 | 9 | +7 | +350% |
| Jumla | 1,000 | 1,032 | +32 | +3.2% |

Tawi la Kibaha lilifunguliwa katikati ya Machi mwaka jana. Hilo halionekani kwenye jedwali, lakini ndilo litakalotusumbua kuliko jambo jingine lolote.

## Vigezo vya kulinganisha

Kila njia naiuliza mambo manne. La kwanza ni swali lenyewe: namba hii inajibu nini hasa? La pili ni jumla: ukizichukua namba za matawi, unaweza kurudi kwenye namba ya kampuni nzima, au kila moja inakwenda njia yake? La tatu ni msingi mdogo, yaani namba ya mwaka jana ikiwa ndogo sana, ikiwa sifuri au ikiwa hasara, njia bado inatumika? La nne ni msomaji: mtu asiye mhasibu akiisoma mara moja ataelewa kilichotokea, au ataelewa kinyume chake?

Urahisi wa kukokotoa sikuuweka kwenye vigezo. Excel ilishaumaliza ubishi huo. Zote ni fomula za mstari mmoja. Kwenye fomula zote hapa chini, safu B ni mwaka jana, C ni mwaka huu na E ni badiliko la asilimia, na matawi yako mstari wa 2 hadi wa 6.

## Njia ya kwanza: wastani wa asilimia za matawi

```
=AVERAGE(E2:E6)
```

Hii ndiyo inayotoa 72. Unajumlisha 3, −4, 8, 4.7 na 350, unapata 361.7, unagawa kwa matawi matano. Angalia sasa: hakuna tawi hata moja lililokua kwa kiwango kinachokaribia 72. Manne yako chini ya 10, moja liko 350, na wastani umetua mahali ambapo hapana mtu.

Swali inalojibu ni hili: tawi, likihesabiwa sawa na tawi jingine bila kujali ukubwa, limebadilika kiasi gani? Kila tawi lina kura moja. Kariakoo lenye milioni 400 lina kura moja, na Kibaha lenye milioni 2 lina kura moja. Swali hilo si la kipuuzi. Kama umeanzisha utaratibu mpya wa kupokea mzigo katika kila tawi na unataka kujua umefanya kazi wapi, basi tawi ndilo kipimo chako, na kura moja kwa kila tawi ni haki. Ila si swali ambalo bodi inakuwa nalo kichwani inaposoma neno "ukuaji".

Kwenye jumla, njia hii haijibu. Zidisha milioni 1,000 za mwaka jana kwa ukuaji wa asilimia 72 na unapata 1,720, wakati mauzo halisi ni 1,032. Pengo ni milioni 688 ambazo hazipo kwenye droo wala kwenye akaunti. Mkurugenzi anayejua biashara yake atauliza tu, "Hizo asilimia 72 ziko benki gani?" na hapo muhtasari mzima unaanza kutiliwa shaka, pamoja na kurasa zilizokuwa sahihi.

Kwenye msingi mdogo ndipo inapoangukia, na inafaa tukae Kibaha kidogo tuone kwa nini.

Kwanza kuna kukadiria. Jedwali limeandikwa kwa milioni kamili, kwa hiyo "2" inaweza kuwa chochote kati ya milioni 1.5 na karibu milioni 2.5. Kama mauzo yalikuwa 1.5, ukuaji ni asilimia 500. Kama yalikuwa 2.4, ni asilimia 275. Yaani asilimia 350 iliyoandikwa kwa kujiamini ina utata wa mamia ya pointi ndani yake, na utata huo umetokana na kukata desimali tu.

Pili kuna ankara moja. Fundi mmoja akichukua mabati na saruji ya milioni 1 Kibaha mwaka jana, msingi unakuwa 3 badala ya 2, na ukuaji unashuka kutoka 350 hadi 200. Ankara hiyo hiyo ikiandikwa Kariakoo, msingi unakuwa 401, na ukuaji unatoka 3 kwenda 2.7. Mteja ni yule yule na fedha ni zile zile. Upande mmoja zimetikisa ripoti kwa pointi 150, upande mwingine hakuna atakayeona.

Tatu, na hili ndilo baya zaidi, muda haulingani. Mwaka jana Kibaha liliuza kwa wiki mbili tu, mwaka huu limeuza kwa wiki 13. Gawa: milioni 2 kwa wiki 2 ni milioni 1 kwa wiki. Milioni 9 kwa wiki 13 ni kama laki 7 kwa wiki. Kasi ya mauzo imeshuka kwa karibu theluthi! Inawezekana wiki mbili za ufunguzi zilikuwa na ofa na shamrashamra, kwa hiyo nazo si kipimo kizuri cha hali ya kawaida. Lakini vyovyote iwavyo, tawi linaloongoza jedwali kwa ukuaji huenda ndilo linalohitaji meneja kuitwa na kuulizwa.

Watu wakishaona hivyo hukimbilia kuliondoa Kibaha na kuendelea na wastani wao. Inasaidia, ila haimalizi. Bila Kibaha wastani wa asilimia ni 2.9, wakati mauzo ya matawi hayo manne yamekua kutoka 998 hadi 1,023, yaani asilimia 2.5. Bado kuna pengo, kwa sababu asilimia 8 za Dodoma zimepewa uzito sawa na asilimia 3 za Kariakoo, tawi lenye mauzo mara mbili yake. Kwa hiyo msingi mdogo ni tatizo moja, na kuchukua wastani wa asilimia ni jingine. Ukiliondoa moja, lingine linabaki pale pale, safari hii likiwa dogo kiasi cha kutoshtukiwa.

Mwenye swali la kura moja kwa kila tawi ana njia iliyo salama zaidi: namba ya kati, kwa fomula `=MEDIAN(E2:E6)`. Unazipanga asilimia kutoka ndogo hadi kubwa, unachukua ya katikati. Hapa ni 4.7. Kibaha lingekua kwa 350 au kwa 3,500, namba ya kati isingesogea.

Wastani huu una ndugu yake anayefanya madhara makubwa zaidi kwa kimya: wastani wa asilimia za miaka. Chukua watalii wa kimataifa walioingia Tanzania. Mwaka 2019 walikuwa 1,527,230. Mwaka 2020, korona ilipofunga anga, walishuka hadi 620,867. Mwaka 2021 walikuwa 922,692 na mwaka 2022 wakafika 1,454,920. Kwa asilimia hiyo ni kushuka 59.3, kupanda 48.6, kupanda 57.7. Ukichukua wastani wa hizo tatu unapata ukuaji wa karibu asilimia 16 kwa mwaka. Lakini watalii wa 2022 bado walikuwa pungufu ya wale wa 2019 kwa asilimia 4.7. Sababu ni kwamba asilimia za kushuka zilihesabiwa juu ya msingi mkubwa, na za kupanda juu ya msingi uliokwisha kukatwa. Kwa miaka kadhaa, linganisha mwanzo na mwisho, kisha kama ni lazima useme "kwa mwaka", tafuta kiwango kimoja ambacho kikirudiwa kila mwaka kinakutoa mwanzo hadi mwisho:

```
=(1454920/1527230)^(1/3)-1
```

Jibu ni kushuka kwa asilimia 1.6 kwa mwaka. Idadi ya miaka ni tatu, si minne. Unahesabu vipindi vya kutoka mwaka hadi mwaka.

Kwa msomaji, wastani wa asilimia unaeleweka upesi na unaeleweka vibaya. Unamfaa msimamizi wa uendeshaji anayelinganisha matawi yanayokaribiana ukubwa, kwa jambo ambalo kila tawi ni sawa na lingine, na hata yeye ningemwomba atumie namba ya kati.

## Njia ya pili: asilimia ya jumla kwa jumla

```
=SUM(C2:C6)/SUM(B2:B6)-1
```

Jumla ya mwaka huu juu ya jumla ya mwaka jana: asilimia 3.2. Swali inalojibu ni lile watu wengi wanalokusudia, yaani biashara nzima imekua kiasi gani. Kila shilingi ya mwaka jana ina kura moja, na Kibaha linapata kura zake mbili kati ya elfu moja.

Kwenye jumla haina mpinzani, kwa kuwa yenyewe ndiyo jumla. Ni sawa na wastani wa asilimia ambao kila tawi limepewa uzito kulingana na mauzo yake. Ndivyo pia mfumuko wa bei unavyokokotolewa na ofisi za takwimu, kwetu na kwa majirani: kundi la vyakula halipewi uzito sawa na la mawasiliano, bali kila kundi linapimwa kwa nafasi yake katika matumizi ya kaya.

Anayependa kuuweka uzito kwa mkono awe mwangalifu na jambo moja. Uzito ni wa mwaka jana, si wa mwaka huu:

```
=SUMPRODUCT(B2:B6,E2:E6)/SUM(B2:B6)
```

Hiyo inarudisha 3.2. Lakini ukiweka C mahali pa B, kosa ambalo ni rahisi kwa kuwa safu ya mwaka huu ndiyo iliyo machoni, unapata 5.7. Namba hiyo haishtui hata kidogo. Ndiyo maana ni mbaya kuliko 72. Sabini na mbili mtu ataihoji, 5.7 itapita hadi kwenye taarifa ya mwaka. Njia ya kujihakikishia ni kuzidisha: 1,000 mara 1.057 ni 1,057, na mauzo ni 1,032.

Kwenye msingi mdogo, njia hii inavumilia vizuri maadamu kampuni yenyewe si changa. Kampuni iliyofunguliwa mwaka jana itapata asilimia za ajabu hata kwa jumla, na hapo hakuna fomula ya kuiokoa.

Upungufu wake ni kuficha. Asilimia 3.2 haikwambii kwamba Morogoro limeshuka, na matawi mawili yanaweza kupishana vikali huku jumla ikiwa imetulia. Inachanganya pia ukuaji wa kuuza zaidi na ukuaji wa kufungua milango mipya. Matawi yaliyokuwapo robo nzima ya mwaka jana yamekua kwa 2.5, kilichobaki kimeletwa na Kibaha. Napenda kuziona namba zote mbili zikiandikwa pamoja: "Asilimia 3.2 kwa kampuni nzima, 2.5 kwa matawi yaliyokuwapo." Ni maneno machache tu na yanazuia maswali mengi.

Halafu kuna bei. Mfumuko wa bei Tanzania mwaka 2024 ulikuwa wastani wa asilimia 3.1. Kampuni iliyokua kwa asilimia 3.2 katika mazingira kama hayo huenda haikuuza mifuko mingi zaidi ya saruji. Iliuza ile ile kwa bei ya juu kidogo. Hilo si kosa la njia yenyewe, lakini namba ndogo ya jumla ndiyo inayoathirika zaidi na jambo hili, na sentensi moja ya kulitaja haigharimu kitu.

Msomaji anaielewa bila msaada. Inawafaa bodi, benki na wanahisa, na kila mahali ambapo namba moja lazima ibebe kampuni nzima.

## Njia ya tatu: tofauti kwa shilingi

Hapa hugawi kwa chochote. Mauzo yameongezeka kwa milioni 32. Dodoma 16, Kariakoo 12, Mbeya 7, Kibaha 7, Morogoro imepungua 10. Swali ni: fedha kiasi gani zimeongezeka, na wapi? Namba za matawi zinajumlishika bila ujanja wowote.

Kwa sababu haigawi, ndiyo njia pekee kati ya nne isiyojali msingi hata kidogo. Tawi lililoanza na sifuri linaandikwa tu "kutoka 0 hadi milioni 9", wakati asilimia ingekuletea `#DIV/0!` kwenye seli. Kwenye faida na hasara ndiko inakohitajika zaidi. Tuseme tawi lilikuwa na hasara ya milioni 5 mwaka jana na sasa lina faida ya milioni 3. Fomula ya kawaida inachukua ongezeko la 8, inagawa kwa −5, inatoa −160%. Tawi limetoka shimoni na ripoti inasema limeporomoka. Wengine hutibu kwa kuweka `ABS` kwenye msingi, wanapata +160%. Alama imekaa sawa, lakini maana bado haipo: tawi lililotoka hasara ya milioni 1 hadi faida hiyo hiyo ya milioni 3 lingeandikwa +400%, na lililotoka hasara ya milioni 20 lingeandikwa +115%, ingawa hilo la mwisho ndilo lililofanya kazi kubwa kuliko yote. Andika kwa maneno: "limetoka hasara ya milioni 5 hadi faida ya milioni 3."

Upungufu wake ni kwamba tofauti ya shilingi inapendelea wakubwa. Kariakoo na milioni 12 zake linaonekana limefanya vizuri kuliko Mbeya lenye 7, ilhali Mbeya ndilo lililokua kwa kasi zaidi. Mbeya na Kibaha nazo zinaonekana sawa kabisa, +7 na +7, ingawa moja ni tawi lililokomaa lililoongeza wateja na jingine lilikuwa limefungua mlango jana. Na msomaji asiyejua ukubwa wa kampuni hana pa kuishika: milioni 32 ni nyingi au ni kidogo? Ndiyo maana haifai kuachwa peke yake. Inataka namba mbili za pembeni, ilipotoka na ilipofika.

Inamfaa mtu wa fedha taslimu: anayepanga ununuzi wa mzigo, marejesho ya mkopo, au gari la pili la kusambazia bidhaa. Huyo hanunui mabati kwa asilimia.

## Njia ya nne: mchango kwa pointi za asilimia

```
=(C2-B2)/SUM($B$2:$B$6)
```

Unachukua tofauti ya kila tawi na kuigawa kwa jumla ya kampuni mwaka jana, si kwa msingi wa tawi lenyewe. Dodoma inapata pointi 1.6, Kariakoo 1.2, Mbeya 0.7, Kibaha 0.7, Morogoro −1.0. Zijumlishe: 3.2 kamili. Swali ni: katika ule ukuaji wa 3.2, nani kaleta nini?

Kwa vigezo vya jumla na msingi mdogo njia hii inafanya kazi nzuri sana. Kibaha limetoka 350 hadi 0.7 bila kufutwa, bila alama ya nyota na bila maelezo chini ya jedwali. Na Morogoro, ambalo kwenye njia ya pili lilikuwa limejificha, sasa linaonekana likikata pointi nzima.

Inakwama kwa msomaji. "Kibaha limechangia pointi 0.7" ni sentensi ambayo mtu ataisoma kama "Kibaha limekua kwa asilimia 0.7", na tayari mmepishana. Watu wengi hawatofautishi asilimia na pointi za asilimia, na hawana kosa, maana hata kwenye taarifa za habari maneno hayo huchanganywa. Faida ikitoka asilimia 4 ya mauzo hadi asilimia 6, imepanda kwa pointi 2, au kwa asilimia 50 ya ilivyokuwa. Mwandishi akisema tu "imepanda kwa asilimia 2" hujui amekusudia nini. Ukiitumia njia hii, andika sentensi nzima angalau mara ya kwanza: "Kati ya ukuaji wa asilimia 3.2, Dodoma imeleta pointi 1.6."

Kuna kishawishi cha kuirahisisha kwa kusema "Dodoma imeleta nusu ya ukuaji wote", maana 16 ni nusu ya 32. Kwa jedwali hili inakubalika. Lakini umegawa kwa ukuaji wenyewe, na ukuaji nao unaweza kuwa msingi mdogo. Tuseme Morogoro lingeshuka kwa milioni 40 badala ya 10. Ongezeko la kampuni lingekuwa milioni 2 tu, na Dodoma, bila kufanya chochote tofauti, "ingechangia asilimia 800 ya ukuaji". Kwa pointi ingebaki 1.6, kama ilivyokuwa. Kwa hiyo hesabu ya mgawo wa ukuaji iache kwa robo ambazo kampuni imekua vizuri na hakuna tawi lililorudi nyuma sana.

Inamfaa mchambuzi, mkuu wa mauzo, na mkurugenzi anayeuliza "kwa nini" baada ya kusikia "kiasi gani". Kwa mtu anayesoma muhtasari mara moja kwa mwaka, ni nzito.

## Uchague ipi, kwa hali ipi

Kama unaandika mstari mmoja wa kwanza wa muhtasari, na matawi mengi yalikuwapo kipindi chote, asilimia ya jumla pamoja na tofauti ya shilingi vinakaa vizuri pamoja: "Mauzo yamefika milioni 1,032, ongezeko la milioni 32 sawa na asilimia 3.2." Pale ambapo kuna tawi lililofunguliwa au kufungwa katikati, ongeza ile ya matawi yaliyokuwapo.

Kama kikao kinataka kujua tatizo liko wapi, weka jedwali la pointi za mchango, likiwa limepangwa kutoka kubwa hadi ndogo, na sentensi moja ya kulieleza. Kwa mfano wetu mazungumzo yatakwenda moja kwa moja Morogoro, ambako ndiko yanakotakiwa.

Kama unatathmini mameneja wa matawi, asilimia ya kila tawi ina haki ya kuwapo, maana si haki kumlinganisha meneja wa Mbeya na wa Kariakoo kwa shilingi. Onyesha asilimia hizo kila moja pembeni ya mauzo yake, na ukitaka namba ya kundi, tumia ya kati. Meneja wa Kibaha asiwekwe kwenye orodha hiyo hadi apate robo mbili kamili za kulinganishwa.

Kwa matawi yenye msingi mdogo, weka kikomo kabla hujaona matokeo, usije ukawa unamficha aliyeshuka na kumwacha aliyepanda. Kikomo kinaweza kutokana na ankara. Ikiwa ankara kubwa ya kawaida ni milioni 1 na hutaki mteja mmoja asogeze asilimia ya tawi kwa zaidi ya pointi 5, msingi usipungue milioni 20. Chini ya hapo seli iandike maneno badala ya asilimia, na hiyo inashughulikia na sifuri na hasara kwa pamoja:

```
=IF(B2<20,"msingi mdogo",C2/B2-1)
```

Zingatia kwamba `AVERAGE` na `MEDIAN` zitaliruka tawi lenye maneno bila kukuambia, kwa hiyo andika chini ya jedwali ni matawi mangapi yamehesabiwa. Shilingi za tawi hilo zibaki kwenye safu zake kama kawaida, na zihesabiwe kwenye jumla.

Kama bosi ameshaiona 72 mahali na ameipenda, usianze kwa kubishana juu ya wastani. Mpe hesabu ya wiki ya Kibaha, milioni 1 mwaka jana na laki 7 mwaka huu, kisha mwache aulize mwenyewe.